MADARASA MANNE NA MWALIMU MMOJA: Namna ya Kuendesha Kipindi Kimoja cha Mazoezi ya Viungo katika Skuli Ndogo ya Shamba

Zipo skuli ambazo mwalimu mmoja ndiye mkuu wa skuli, ndiye karani, na ndiye anayesomesha madarasa yote. Katika masomo ya kusoma na kuhesabu mwalimu huyo anayo njia inayofahamika: huwapa darasa moja kazi ya kuandika ubaoni wakati analisomesha darasa jengine. Katika kipindi cha mazoezi ya viungo njia hiyo haipo. Mtoto hawezi kuachwa peke yake na mpira kama anavyoachwa na daftari, na mtoto wa miaka 6 hawezi kushindana mbio na mtoto wa miaka 11. Kwa sababu hiyo kipindi hicho aghlabu ndicho cha mwanzo kuachwa, na pale kisipoachwa huendeshwa kwa namna ambayo sehemu kubwa ya watoto haipati kitu.

Namna zinazoonekana mara kwa mara ni tatu. Ya kwanza ni kuwapa wakubwa mpira wa miguu, na wadogo wakakaa kivulini kupiga makofi. Ya pili ni kuwapanga wote mistari na kuwafanyisha zoezi moja kwa hesabu moja, zoezi ambalo huwa jepesi mno kwa wakubwa na zito mno kwa wadogo. Ya tatu, ambayo huonekana kuwa ya haki zaidi, ni kukigawa kipindi cha dakika 40 katika mafungu manne ya dakika 10, kila darasa na fungu lake. Hesabu yake ni rahisi: kila mtoto hufanya mazoezi kwa dakika 10 na husubiri kwa dakika 30.

Makala haya yanaeleza namna ya nne, nayo ni kuchagua ustadi mmoja tu, kuufundisha kwa watoto wote katika kipindi kimoja, na kuupanga kwa ngazi, ili kila mtoto afanye kazi iliyo sawa na uwezo wake. Ustadi uliochaguliwa hapa kuwa mfano ni kurusha na kudaka. Sababu ya kuuchagua ni kwamba vifaa vyake hutengenezwa papo hapo, hauhitaji uwanja mkubwa, na maendeleo ya mtoto ndani yake huonekana kwa macho bila ya kipimo chochote.

Jambo la kufahamika mwanzo ni kwamba ngazi ya mtoto katika kurusha haifuati darasa lake. Mtoto wa darasa la pili ambaye kila jioni hushinda pwani akirusha mawe baharini huweza kumpita mbali mtoto wa darasa la nne ambaye hajapata kurusha kitu. Wasichana wengi huwa nyuma katika jambo hili, na sababu kubwa ni uchache wa nafasi za kucheza walizozipata. Kwa hiyo mwalimu akiwagawa watoto kwa madarasa atakuwa amekosea mgao tangu mwanzo.

Mgao sahihi hupatikana kwa kuangalia miguu. Katika kipindi cha kwanza watoto wote husimama katika mstari mmoja mrefu, wakielekea upande ulio wazi, kila mmoja na mpira mdogo wa matambara mkononi. Huambiwa warushe kwa nguvu zao zote, mbali iwezekanavyo. Mwalimu hupita kwa ubavuni na kumtazama kila mtoto kwa sekunde takriban 20. Mtoto wa ngazi ya kwanza huuelekea uwanja kwa kifua kizima, miguu yake haiondoki mahali pake, na mpira huusukuma kwa kiwiko kama anayefukuza nzi. Wa ngazi ya pili hupiga hatua, lakini hutanguliza mguu ulio upande ule ule wa mkono unaorusha. Wa ngazi ya tatu husimama ubavu, hutanguliza mguu wa upande wa pili, kiwiliwili chake huzunguka, na mkono humalizia safari yake hata baada ya mpira kuondoka.

Katika kudaka pia ngazi ni tatu. Wa kwanza hunyoosha mikono yote miwili mbele kama vijiti, hugeuza uso na mara nyengine hufumba macho. Wa pili hutazama mpira lakini huukumbatia kifuani. Wa tatu huudaka kwa viganja peke yake, akivivuta nyuma kidogo ili kuupunguza kishindo. Mwalimu huandika nambari mbili mbele ya jina la kila mtoto, moja ya kurusha na moja ya kudaka, kwani si lazima zilingane. Nambari hizo ni za daftari la mwalimu tu. Zikishatangazwa uwanjani, zitakuwa majina ya utani kabla ya kengele ya mapumziko.

Tuchukue mfano wa skuli yenye watoto 31: darasa la kwanza 9, la pili 7, la tatu 8 na la nne 7. Tuseme, kwa wepesi wa mfano, kwamba nambari zao za kurusha na za kudaka ni moja. Ngazi ya kwanza imepata watoto 12: saba wa darasa la kwanza, watatu wa darasa la pili, mmoja wa la tatu na mmoja wa la nne. Ngazi ya pili ina 11, ambao ni wawili wa darasa la kwanza, watatu wa la pili, wanne wa la tatu na wawili wa la nne. Ngazi ya tatu ina wanane, na miongoni mwao yumo mmoja wa darasa la pili. Mwalimu anayeijua skuli yake hatostaajabu kuwaona watoto wa darasa moja wametawanyika namna hii.

Vifaa vinahitaji uangalifu kidogo, kwa sababu hapa ndipo linapofanyika kosa lisiloonekana. Mpira unaofaa kudaka si mpira unaofaa kurusha. Anayejifunza kudaka anahitaji mpira mkubwa na mwepesi, wa kadiri ya kichwa cha mtoto, usiomuumiza ukimpiga usoni. Mfuko wa kanga kuukuu uliojazwa sufi na kushonwa vizuri unatosha kabisa. Anayejifunza kurusha anahitaji mpira mdogo unaokaa ndani ya vidole vyake, wa kadiri ya chungwa, wa matambara yaliyoviringishwa na kukazwa kwa uzi. Mtoto mdogo akipewa mpira mkubwa arushe, hana budi kuushika kwa mikono miwili, na hapo hatojifunza kurusha hata akikaa mwaka mzima. Kila mtoto atengeneze mpira wake mdogo mwenyewe. Mipira mikubwa ya sufi 15 inatosha kwa skuli hii ya mfano, na kazi ya kuishona yaweza kuombwa kwa wazee kupitia kamati ya skuli.

Sasa kipindi chenyewe. Dakika 5 za mwanzo ni za kuchangamsha mwili, na hapa madarasa yote hufanya jambo moja: kukimbia polepole ndani ya mipaka, kuruka mistari iliyochorwa mchangani, kusimama filimbi inapolia. Alama ya filimbi ni sheria ya kwanza ya mwalimu aliye peke yake. Ikilia mara moja, kila mtoto husimama na mpira huwekwa chini. Mwalimu asiendelee na jambo jengine mpaka alama hiyo iwe inatiiwa na watoto wote 31 kabla ya yeye kuhesabu hadi tano, hata ikibidi kipindi kizima cha mwanzo kiishie hapo.

Baada ya hapo huja dakika 8 za kudaka, na katika sehemu hii wakubwa na wadogo huchanganywa. Wadakaji wawili wa ngazi ya kwanza wakiwekwa pamoja hawadaki kitu. Kila mmoja hurusha vibaya, mwenziwe hukosa, na muda wote huishia katika kuufukuza mpira. Mtoto anayejifunza kudaka anahitaji mtu wa kumrushia mpira ule ule, kwa urefu ule ule, polepole, mara nyingi. Mwalimu mmoja hawezi kuwafanyia hivyo watoto 12, lakini watoto 12 wanaweza. Katika skuli yenye darasa moja la watoto wa rika moja msaada huo haupatikani kwa wepesi, na hapa ndipo skuli ndogo inapokuwa na kitu ambacho skuli kubwa haina.

Kwa mfano wetu, kila mtoto wa ngazi ya kwanza hupewa mrushiaji. Wanane ni wa ngazi ya tatu na wanne huongezwa kutoka ngazi ya pili. Hao ni jozi 12. Wanabaki saba wa ngazi ya pili, ambao hufanya jozi mbili na kundi moja la watatu. Mrushiaji husimama hatua tatu kutoka kwa mdakaji na hurusha kwa chini, kiganja kikielekea juu, mpira ukipanda hadi usawa wa macho ya mdogo na kushukia kifuani pake. Mdogo akidaka mara tano mfululizo, mrushiaji hurudi nyuma hatua moja. Akikosa mara mbili, husogea mbele hatua moja. Kanuni hiyo ya tano na mbili watoto huishika upesi, nayo humwondolea mwalimu kazi ya kupita kila jozi na kuamua umbali.

Wakubwa wafundishwe kazi yao kabla. Inatosha kuwaita wale 12 wakati wa mapumziko na kuwaonyesha mambo mawili tu: namna ya kurusha kwa chini na neno la kusema. Neno lenyewe liwe moja, kwa mfano "tazama mpira". Mkubwa akiachiwa aseme apendavyo, atasema mengi, na mengi kati ya hayo yatakuwa ni ya kukaripia. Dalili ya kwamba mrushiaji amekuwa bwana mkubwa ni kuwa mpira unakaa mikononi mwake na mdomo unafanya kazi. Mwalimu akiona hivyo abadilishe jozi bila ya maneno mengi.

Wazee wa watoto wakubwa wakati mwengine huuliza: mtoto wetu amekuja kusoma au amekuja kusomesha? Suali hilo ni la haki na halifai kupuuzwa. Dakika 8 za kumrushia mwenziwe zinamfunza mkubwa kupima nguvu na shabaha, lakini haziwezi kuwa kipindi chake chote. Skuli inayomfanya mtoto wa darasa la nne kuwa msaidizi wa mwalimu kwa dakika 40 kila wiki inamnyima haki yake. Kwa hiyo sehemu inayofuata lazima iwe na kazi inayomshughulisha yeye mwenyewe.

Sehemu hiyo ni dakika 12 za kurusha, na hapa watoto hutenganishwa kwa ngazi zao. Pale nguvu inapotumika, haifai mtoto dhaifu awe mbele ya mwenye nguvu. Wote husimama nyuma ya mstari mmoja wa kurushia, wakielekea upande mmoja, ngazi ya tatu kwenye ncha moja, ya pili katikati, ya kwanza kwenye ncha ya pili, na baina ya kundi na kundi huachwa hatua tano. Hurusha kwa filimbi na huenda kuokota kwa filimbi. Hapana mtoto anayevuka mstari kabla ya alama, hata kama mpira wake umeanguka karibu na mguu wake.

Kazi zinatofautiana. Ngazi ya kwanza huambiwa jambo moja: rusha kwa nguvu. Walimu wengi huwawekea wadogo shabaha ya karibu, wakidhani kuwa ndiyo rahisi. Matokeo yake ni kinyume. Mtoto anapoogopa kukosa shabaha huukaza mwili, huacha kuzunguka, na husukuma mpira kwa kiwiko, yaani hubaki pale pale alipo. Anapoambiwa arushe mbali kwa nguvu zote, mwili wenyewe hulazimika kuzunguka na mguu kutoka. Ulengaji una wakati wake baadaye.

Ngazi ya pili huwekewa kijiti chini, mbele ya kila mtoto. Husimama ubavu, bega la mkono usiorusha likielekea uwanjani, na hukivuka kijiti kwa mguu wa upande huo kabla ya kurusha. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, mguu unaovuka ni wa kushoto. Kwa anayerusha kwa mkono wa kushoto, ni wa kulia. Inafaa kusemwa hapa kuwa mtoto anayerusha kwa kushoto aachwe arushe kwa kushoto. Adabu ya kula kwa mkono wa kulia ni jambo jengine, na mpira si chakula.

Ngazi ya tatu ndiyo yenye shabaha. Mapakacha mawili hutundikwa kwenye vigingi, hatua 12 kutoka mstarini kwa kuanzia, na watoto wanane hugawanyika wanne wanne. Wakipata mara tatu katika mara tano, vigingi husogezwa nyuma hatua mbili. Makundi hayo mawili yaweza kushindana, jambo ambalo huwafanya wakubwa wajisahau kabisa kwamba wamo katika kipindi kimoja na wadogo.

Mwalimu hasimami katikati. Akisimama katikati, nusu ya watoto watakuwa nyuma ya mgongo wake. Mahali pake ni kwenye ncha ya mstari, upande wa ngazi ya kwanza, mwili ukielekea kwenye mstari wote, ili awasaidie wadogo kwa maneno huku macho yakiwafikia wakubwa walio ncha ya pili.

Faida ya mpangilio huu huonekana kwa kuhesabu. Mzunguko mmoja wa kurusha na kuokota huchukua sekunde 40 hivi. Katika dakika 10 kila mtoto hurusha mara 15. Watoto hao hao 31 wakipangwa foleni nyuma ya mpira mmoja, na kila mmoja akichukua sekunde 10, dakika 10 zitatoa mirusho 60, yaani mara mbili tu au karibu yake kwa kila mtoto. Mwalimu yeyote, au mkaguzi anayepita, anaweza kumchagua mtoto mmoja asiyejulikana sana, akamhesabia kwa saa ya mkononi mara ngapi amegusa mpira katika dakika 5. Akipata chini ya mara tano, kuna foleni mahali fulani, hata kama uwanja unaonekana umechangamka.

Dakika 10 zinazofuata ni za mchezo, na mchezo unaofaa ni nage, ambao watoto wanaujua tayari. Wawili husimama kwenye ncha mbili na kurusha, na waliomo kati hukwepa. Ila nage kama inavyochezwa mitaani ina kasoro mbili kwa skuli ya namna hii. Kwanza, anayepigwa hutoka, na anayepigwa mapema ni yule yule mdogo asiyejua, ambaye hukaa nje kwa muda mrefu kuliko wote ilhali ndiye mwenye haja zaidi ya kucheza. Pili, wanaokwepa hukimbia wakitazama mpira wala si njia, na mkubwa akimgonga mdogo kwa kasi, anayeumia ni mdogo.

Kasoro ya kwanza huondolewa kwa kanuni ya kubadilishana: aliyepigwa huenda nyuma ya mrushaji kuokota mipira, na hurudi kati pindi mwengine anapopigwa. Ya pili huondolewa kwa kuchora viwanja viwili na kuwatenganisha wakwepaji kwa kimo. Hapa, kinyume cha tulivyoona katika kurusha, mgao wa madarasa unafaa, kwa kuwa kinachogongana ni miili na kimo hufuata umri kwa kiasi kikubwa. Uwanja mmoja una darasa la kwanza na la pili, jumla 16. Wa pili una la tatu na la nne, 15. Warushaji wawili wa uwanja wa wadogo wanaweza kutoka kwa wakubwa, kwa masharti kwamba watumie mpira wa sufi, warushe kwa mkono wasiouzoea, na wapige chini ya kiuno. Mkubwa hodari anayerusha kwa mkono asiouzoea hurudi, kwa sura ya miguu yake, ngazi ya kwanza. Watoto hulifurahia sana jambo hilo, na mkubwa mwenyewe hufahamu kwa nini mdogo huona tabu.

Dakika 5 za mwisho ni za kukusanya vifaa, kunawa na kunywa maji.

Kwa skuli za visiwa vidogo na za ukanda wa mawe, swali la kwanza huwa ni uwanja. Pale ambapo ardhi ni jabali tupu, mchanga wa pwani wakati wa maji kupwa ni uwanja bora kuliko wowote, laini na mpana. Lakini ratiba ya skuli haiendi na bahari. Maji kupwa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo baada ya siku saba huwa yamechelewa karibu saa sita. Pwani iliyokuwa kavu Jumanne hii saa nne asubuhi, Jumanne ijayo saa hiyo hiyo itakuwa chini ya maji, na Jumanne ya tatu itakuwa kavu tena. Mvuvi yeyote analijua hilo, na mwalimu aliyehamishwa kutoka mjini yafaa amuulize. Njia nyepesi ni kupanga vipindi kwa wiki mbili mbili: wiki ya bamvua, ambapo maji hupwa sana asubuhi karibu na saa nne, kurusha na nage hufanyika pwani, wiki inayofuata kudaka peke yake hufanyika kwenye kiwanja cha skuli, kwani kudaka kwa jozi kunahitaji nafasi ndogo. Wakati wa pwani mstari wa kurushia uelekee sambamba na maji, ili mpira usiingie baharini na mtoto asiufuate. Chini ya minazi isiyoanguliwa asiwekwe mtoto yeyote.

Katika mwezi wa Ramadhani, watoto wakubwa waliofunga hubakishwa kwenye kulenga mapakacha wakiwa kivulini, na nage huachwa. Wasichana huukaza ushungi kwa pini kabla ya kipindi. Ushungi unaolegea humlazimisha mtoto ashughulike na kichwa chake badala ya mpira, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu ya kuonekana kuwa hajui kudaka.

Namna hii ya kufundisha ina mipaka yake. Yapo mambo ambayo mwalimu aliye peke yake na madarasa manne hapaswi kuyajaribu. Kuogelea ni la kwanza: hata pale watoto wote wanapojua maji, mtu mmoja hawezi kuziangalia ngazi tatu za waogeleaji kwa pamoja. Kutupa tufe na kurusha mkuki ni la pili. Mieleka na mpira wa miguu wa rika zote pamoja ni la tatu, kwa sababu ile ile ya kugongana kwa miili. Mbio za kupokezana, kuruka kamba na kuruka chini zinafaa, na zinaweza kupangwa kwa ngazi kama ilivyoelezwa hapa.

Limebaki suala la ajali. Mtoto akiteguka mguu, mwalimu akienda naye kituo cha afya, watoto 30 watabaki bila ya mtu mzima. Akibaki nao, aliyeumia hana wa kumtazama. Jambo hili lazima limalizwe kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi. Mwalimu, kwa kushirikiana na sheha na kamati ya skuli, awapate watu wazima wawili wanaokaa karibu na skuli na ambao siku ya kipindi huwapo nyumbani. Watoto wawili wa darasa la nne wajue nyumba hizo na wajue kwamba wao ndio watakaotumwa. Ajali inapotokea, filimbi hulia mara tatu, watoto wote hukaa chini pale pale walipo, watumwa hukimbia, na mwalimu hubaki na aliyeumia mpaka mtu mzima afike. Zoezi hilo lifanywe kwa majaribio mara moja kila muhula.

Baada ya wiki sita watoto hurudishwa kwenye mstari mmoja na kutazamwa miguu kama siku ya kwanza, na nambari mpya huandikwa pembeni ya za zamani. Si kila mtoto atakuwa amepanda. Aliyebaki ngazi ya kwanza kwa mara ya pili atazamwe macho yake pia, kwani mtoto asiyeona vizuri hudaka vibaya muda mrefu kabla ya kugunduliwa ubaoni. Daftari hilo ni la skuli. Mwalimu anapohamishwa aliache mezani pamoja na funguo, ili anayemfuata asianze kwa kuwagawa watoto kwa madarasa.